Maji meusi juu ya chachu: usimwage kopo, soma kwanza

Leo naongelea kitu kilichonipotezea mteja mmoja mzuri, halafu mara ya pili kikanipa somo ambalo nalitumia mpaka leo. Ni yale maji yanayokaa juu ya chachu.

Tuelewane kwanza. Chachu ninayoisema hapa siyo hamira ya pakiti. Ni unga wa ngano na maji vilivyoachwa vikachacha vyenyewe kwa siku kadhaa, kisha vikawa vinalishwa unga mpya kila siku. Ndani yake kuna hamira za asili zinazotoa hewa ya kuumua mkate, na kuna bakteria wanaoleta uchachu, ndugu zao wale wanaogandisha maziwa ya mtindi. Mkate wake una ganda gumu, ndani una matundu, na ladha ina ukali kidogo. Hapa Dar es Salaam wanaouagiza sana ni mikahawa na baadhi ya hoteli, na wanalipa vizuri kuliko mkate wa kawaida. Ila chachu ikilala, hakuna mkate, na hakuna duka la kukimbilia usiku kununua nyingine.

Mwaka wa kwanza wa biashara nilifungua kopo asubuhi nikakuta juu kuna maji ya kijivu yanayoelekea weusi, na harufu kali kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikasema hii imeoza. Nikamwaga yote na kuosha kopo. Kutengeneza chachu mpya mpaka ikawa na nguvu ya kuumua mkate kulinichukua zaidi ya wiki mbili. Mkahawa niliokuwa naupelekea mikate ukatafuta mtu mwingine. Mpishi wao alikuwa mstaarabu, alinipigia simu akaniuliza nimepatwa na nini. Nilipomweleza, akacheka kwa masikitiko.

"Dada, ile haikuwa imeoza. Ilikuwa na njaa tu. Ungemwaga yale maji ukailisha."

Maji yale yanatoka wapi

Chachu ukiilisha, hamira na bakteria wanaanza kula sukari iliyomo kwenye unga. Wanatoa hewa, asidi na pombe kidogo. Chakula kikiwepo, mchanganyiko unakuwa na utando unaovutika, unashika hewa, unapanda. Chakula kikiisha, asidi inaendelea kuulainisha ule utando mpaka unakatika. Hewa inatoka, chachu inashuka, na unga unazama chini kwa sababu hakuna tena kitu cha kuushikilia. Maji yanabaki juu yakiwa yamechanganyika na pombe na asidi.

Kwa hiyo maji yale yanakwambia kwamba chakula kiliisha zamani. Yakiwa machache na hayana rangi sana, njaa ni ya muda mfupi. Yakiwa ya kijivu au ya kahawia, imekaa na njaa kwa muda mrefu. Yakiwa karibu meusi, ujue umeiacha siku nyingi. Harufu nayo inafuata njia hiyohiyo: kwanza inanuka uchachu mzuri kama mtindi, kisha siki, kisha ile ya dawa ya kucha. Zote hizo ni harufu za njaa, na chachu iliyofikia hapo kwa kawaida inarudi.

Kitu ambacho hakirudi ni hiki: ukiona michirizi ya rangi ya waridi au ya machungwa, au ukungu wenye manyoya, uwe wa kijani, mweupe au mweusi, tupa chachu yote. Usiseme nitakwangua juu nibaki na ya chini, kwa sababu ukungu unaweza kuwa umeshaingia mahali usipopaona. Kopo lioshe vizuri na ulichemshe kabla ya kulitumia tena. Hicho ni chakula cha watu unachouza, hapo hakuna kubahatisha.

Kumbuka tofauti: weusi wa maji, ambao ukiinamisha kopo unatiririka, ni njaa. Weusi wenye manyoya uliokaa juu kama sufi ni ukungu.

Ratiba ya nchi za baridi itakuumiza

Swali nililojiuliza baada ya hasara ile ni kwa nini chachu yangu ilikuwa na njaa wakati nilikuwa nailisha kila siku. Nilikuwa nafuata maelekezo ya kitabu: chachu gramu 50, unga gramu 50, maji gramu 50, mara moja kwa siku. Maelekezo hayo yanafaa kwa mtu ambaye jikoni kwake kuna baridi. Jikoni kwangu joto linafika nyuzi 30, na mwezi wa kwanza na wa pili linazidi. Kwenye joto hilo, chachu iliyolishwa kiasi sawa kwa sawa inapanda na kufika kileleni ndani ya saa tatu au nne hivi. Baada ya hapo inakaa na njaa saa 20 mpaka kesho yake. Kila siku nilikuwa naishindisha njaa bila kujua.

Dawa yake ni kubadilisha uwiano. Ukibakiza chachu kidogo na kuipa unga mwingi, walaji wanakuwa wachache na chakula ni kingi, kwa hiyo wanachukua muda mrefu kukimaliza. Siku hizi ninafanya hivi:

Msimu wa joto nabakiza gramu 10 za chachu, naweka gramu 50 za unga na gramu 50 za maji, mara mbili kwa siku: saa moja asubuhi na saa moja usiku. Inafika kileleni baada ya saa sita mpaka nane hivi.

Mwezi wa sita na wa saba, kukipoa kidogo, napunguza chakula: chachu gramu 10, unga gramu 30, maji gramu 30, saa zilezile.

Usizichukue namba zangu kama sheria. Jiko lako linaweza kuwa na bati, la mwenzako lina dari na feni. Kanuni ya kushika ni moja: lisha chachu inapokuwa imefika kileleni na inaanza kushuka. Ukikuta kila mara imeshashuka chini kabisa na ina maji, ongeza unga na maji kwenye mlisho, au punguza chachu unayobakiza. Ukikuta bado inapanda wakati wa kulisha umefika, subiri, au mlisho ujao weka chakula kidogo.

Tumia mzani wa jikoni. Kikombe kinadanganya, kwa sababu unga ulioshindiliwa na unga uliochekechwa havilingani kwa uzito hata kikombe kikiwa kilekile. Maji ya bomba yakiwa na harufu ya klorini, chemsha uyapooze, au yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima. Klorini kwa kawaida haiui chachu, ila inaweza kuichelewesha. Kifuniko kiwe kimewekwa tu juu bila kukazwa, maana hewa inayotoka ndani inahitaji njia.

Na kwa sisi wenye mtaji mdogo, kuna faida ya pili ya kubakiza kidogo. Mtu anayefuga gramu 200 za chachu na kuilisha sawa kwa sawa mara mbili kwa siku anatumia gramu 400 za unga kila siku, yaani kilo 12 kwa mwezi, na nyingi yake inaishia kumwagwa. Mimi natumia gramu 100 kwa siku, kilo tatu kwa mwezi. Ile ninayoitoa kila mlisho, kama chachu ni nzima, naikusanya kwenye friji na kuichanganya kwenye unga wa chapati au vitumbua.

Utajuaje kama ni nzima

Nafunga ule mpira wa kufungia noti kwenye kopo la kioo, usawa wa chachu mara tu baada ya kulisha. Halafu naangalia saa. Chachu nzima inapanda mara mbili ya ule usawa au zaidi, na inafanya hivyo kwa muda unaofanana kila siku. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza. Ikiwa jana ilipanda kwa saa saba na leo saa kumi na moja imepanda nusu tu, na hali ya hewa ni ileile, kuna shida hata kama ina mapovu.

Cha pili ni umbo la juu. Inapopanda, juu kunakuwa na mgongo kama andazi. Ikifika kileleni, mgongo unakuwa bapa. Ikianza kushuka, katikati kunabonyea na pembeni mwa kopo kunabaki alama ya mahali ilipofika. Hata kama hukuwepo nyumbani, ile alama itakusimulia.

Cha tatu ni harufu. Nzima inanuka kama mtindi na matunda yaliyoiva, ukali wake haukufanyi urudishe kichwa nyuma.

Wengine wanadondosha kijiko cha chachu kwenye bilauri ya maji, ikielea wanasema iko tayari. Kipimo hicho kinasaidia ila kina walakini. Ukiikoroga kabla ya kuchota, hewa inatoka na itazama hata kama ni nzima. Na chachu yenye maji mengi inaweza kuzama huku ikiumua mkate vizuri tu. Mimi ninaamini mpira na saa kuliko bilauri.

Siku nilipoikuta nyeusi mara ya pili

Sasa nieleze jinsi nilivyoiokoa, na vipimo vyake.

Tulipata msiba Morogoro. Niliondoka haraka, chachu nikaiacha mezani badala ya kuiweka kwenye friji. Nikakaa siku tano. Nikarudi Jumanne jioni. Kopo lilikuwa na maji meusi kama kidole kimoja, chini kuna tope jeupe bila povu hata moja, na harufu ile ya kucha. Na Jumamosi asubuhi nilikuwa na oda ya mikate 12 kwa mkahawa mwingine. Safari hii sikuosha kopo. Nilikagua kwanza mwangani: hakuna rangi ya waridi, hakuna manyoya. Nikaanza.

Jumanne saa mbili usiku nilimwaga maji yote. Nikaondoa tabaka la juu, nikachota gramu 20 za tope la chini nikaliweka kwenye kopo safi. Nikaweka unga gramu 40 na maji gramu 40. Unga wenyewe ulikuwa nusu mweupe, nusu atta, kwa sababu atta ina pumba, na pumba ina virutubisho na wadudu wa asili zaidi vinavyoiamsha chachu haraka. Sikuipa chakula kingi mara moja kwa sababu walaji waliobaki hai walikuwa wachache na wamechoka.

Jumatano saa moja asubuhi kulikuwa na mapovu madogo pembeni, imepanda robo hivi. Harufu bado kali. Nikabakiza gramu 20, unga 60, maji 60. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu mlisho wa kwanza hauonyeshi mabadiliko makubwa. Asidi ya siku tano haiondoki kwa mlisho mmoja. Kila unapobakiza kidogo na kuongeza unga mpya, unaipunguza.

Jumatano saa moja usiku ilikuwa imepanda nusu na kuanza kushuka. Harufu ya kucha ilikuwa imepungua, siki imebaki. Nikarudia vipimo vilevile: 20, 60, 60.

Alhamisi asubuhi nilikuta alama kwenye kioo juu kidogo ya mara mbili ya mpira. Ilipanda usiku ikashuka. Nikafurahi lakini sikuiamini bado, kwa sababu sikujua ilichukua saa ngapi. Saa moja asubuhi nikalisha tena, 20, 60, 60, safari hii kwa unga mweupe mtupu, nikawa naiangalia. Saa saba mchana, yaani saa sita baadaye, ilikuwa imefika mara mbili ikiwa na mgongo mzuri, na inanuka mtindi. Nikasubiri ianze kubonyea, na saa tisa nikailisha tena kiasi hichohicho. Saa tatu usiku ilikuwa imepanda tena kwa muda uleule. Mara mbili mfululizo kwa muda mmoja, basi nikajua imepona.

Sasa ilibidi iongezeke. Kila mkate wangu unatumia unga gramu 450, mikate 12 ni gramu 5,400. Chachu naweka asilimia 20 ya unga, yaani gramu 1,080. Saa nne usiku nikachukua gramu 100 za chachu, unga gramu 550 na maji gramu 550, jumla gramu 1,200, nikaweka kwenye ndoo ndogo yenye nafasi ya kupanda. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa kileleni. Nikatoa gramu 1,080 za kukandia, zikabaki gramu 120. Katika hizo nikabakiza 10 za kuendeleza ukoo.

Unga ulikandwa asubuhi, ukaumuka, ukafinyangwa, ukalala kwenye friji. Jumamosi alfajiri nikaoka. Mikate 12 ilifika kwa wakati.

Kama ningekandia ile ya Jumatano kwa haraka, ningepata mikate iliyolala kama chapati nene, michachu kupita kiasi. Ule utando unaolainishwa na asidi ndani ya kopo unalainishwa hivyohivyo ndani ya donge la mkate. Kwa hiyo ukifufua chachu, mpe mteja jibu la kweli: ninahitaji siku mbili mpaka tatu. Usichukue oda ya kesho kwa chachu uliyoikuta na maji leo.

Kumwaga au kukoroga?

Nimeshaulizwa hili mara nyingi. Maji yakiwa machache na hayajakolea rangi, unaweza kuyakoroga humohumo kisha ukalisha. Ladha itakuwa chachu zaidi, hakuna madhara. Yakiwa mengi au yamekolea, mwaga, kwa sababu unarudisha asidi na pombe ambazo ndizo unataka kupunguza. Na kumbuka, ukimwaga maji, chachu inayobaki ni nzito zaidi ya kawaida, hivyo mlisho wa kwanza ongeza maji kidogo kama unaona haichanganyiki.

Kuna hali moja ambapo maji siyo njaa. Ukiyaona saa moja au mbili tu baada ya kulisha chachu change ambayo bado haijapata nguvu, mara nyingi ni kwamba uliweka maji mengi kuliko unga, na unga umezama tu. Pima tena kwa mzani, mlisho ujao punguza maji kidogo.

Ukisafiri, au wiki isiyo na oda

Lisha chachu 20, unga 60, maji 60. Iache nje saa moja ianze kufanya kazi, kisha weka kwenye friji. Humo inakula polepole, mlisho mmoja kwa wiki unatosha. Ukirudi baada ya wiki mbili ukikuta maji juu, hiyo ni njaa ya kawaida. Itoe siku mbili kabla ya oda, ilishe asubuhi na jioni, pima kwa mpira na saa.

Na kwa kuwa umeme wetu unakatika na friji ikishapata joto chachu inaamka na kumaliza chakula, nina akiba ya tatu. Napaka chachu iliyo kileleni kwenye karatasi ya kuokea, nyembamba sana, naikausha kivulini kwenye upepo siku moja au mbili mpaka inavunjika kama chipsi. Naisaga kwa mkono, naweka kwenye kichupa kikavu kinachofunga vizuri. Inakaa miezi mingi. Siku ikibidi, gramu 10 za vipande hivyo naziloweka kwenye maji gramu 20 zilainike, naongeza unga gramu 20, na kuanzia hapo nafuata hatua zilezile za Jumanne mpaka Alhamisi.

Kile kichupa kiko kabatini kwangu, nimekiandika tarehe juu. Ningekuwa nacho mwaka wa kwanza, yule mteja wangu wa kwanza nadhani angekuwa bado ni wangu.